Jina Hili Litalinganishwa na Nini?

Wafasiri wengi tulifundishwa kanuni moja fupi: majina hayatafsiriwi. Kwa anayeanza kazi inatosha, maana inamzuia kumgeuza Bwana Smith kuwa Bwana Mhunzi. Lakini kanuni hiyo inanyamaza pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Haimwambii mfasiri afanye nini na jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo karani atakayepokea tafsiri hawezi kuzisoma. Haimwambii la kufanya na boksi la dawa lenye majina mawili, moja la kiwanda na moja la dawa yenyewe. Wala haielezi kwa nini Wakatoliki wetu husema Papa Yohane Paulo wa Pili bila wasiwasi wowote, ilhali hakuna gazeti la Kiswahili linaloandika Mfalme Karoli wa Uingereza.

Mfano huo wa Papa unafundisha mengi. Mtu huyohuyo, kabla ya kuchaguliwa, aliitwa Karol Wojtyla, na jina hilo tunaliacha kama lilivyo. Yohane Paulo ni jina la cheo, linalotamkwa kwenye misa kwa kila lugha kwa namna yake, na Wapolandi wenyewe wanalo la kwao. Jina la kwanza liko kwenye cheti cha kuzaliwa, la pili liko midomoni mwa waumini. Kila moja lina mahali pake pa kutumika, na mahali hapo ndipo panapoamua litaandikwaje.

Mwalimu Nyerere naye alilipitia jambo hili hadharani. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilipotoka mwaka 1963 iliitwa Julius Caezar. Alipoirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 ikawa Juliasi Kaizari. Mimi naona toleo la pili ndilo lenye jina sahihi kwa kazi ile. Jina la mhusika wa tamthilia hutamkwa na mwigizaji jukwaani mbele ya watu, na hakuna anayekwenda kulitafuta kwenye daftari la serikali. Likitoholewa, yaani likivishwa sauti na silabi za Kiswahili, linatamkika vizuri na hakuna anayepata hasara.

Ndiyo maana swali ninalojiuliza kabla ya kugusa jina lolote ni hili: msomaji atalichukua jina hili akalilinganishe na nini? Kama atalilinganisha na karatasi nyingine, herufi ndizo zenye uzito. Kama atalitamka au kumkumbuka mtu anayemjua tayari, sauti na mazoea ndivyo vyenye uzito. Kutafsiri maana ya jina huja mwisho kabisa, na kwa watu binafsi takriban hakuji.

Chukua hati za familia, kwa sababu huko ndiko jina likikosewa mtu anapoteza haki yake. Watu wa Unguja na Pemba wana jamaa Omani tangu zamani, na hati huenda na kurudi: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo, hukumu za mirathi. Tuseme yuko baba anayeitwa Chande Pandu Vuai, jina la mfano tu, mwenye pasipoti ya Tanzania, anayeishi Maskati. Mwanawe, Salum Chande Pandu, amezaliwa huko na kuandikiwa cheti kwa Kiarabu. Baba anafariki. Mtoto, akiwa mtu mzima, anarudi Zanzibar na cheti chake ili adai fungu lake mbele ya Kadhi, na mahakama inataka tafsiri ya Kiswahili.

Sasa tazama lililomkuta jina la baba njiani. Kiarabu sanifu hakina sauti ya p, kwa hiyo karani wa Maskati aliandika Pandu kwa herufi ya be. Hakina v, kwa hiyo Vuai ikaandikwa kwa herufi ya fe. Hakina ch, na karani akachagua shini kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Hapo karani hakukosea, ameandika alichosikia kwa herufi alizonazo. Kosa linaingia wakati wa kurudi. Mfasiri asiyemjua mtu huyo anasoma kilicho mbele yake, herufi kwa herufi, na kuandika kwa uaminifu kabisa: Shandi Bandu Fuwai. Cheti cha kifo cha marehemu kinasema Chande Pandu Vuai. Mbele ya mahakama hao ni watu wawili, na mtoto hana baba anayerithiwa.

Jina la mtoto mwenyewe lina shida ya aina nyingine. Kiarabu cha kawaida hakiandiki irabu fupi. Jina lake liko kwenye cheti kwa herufi nne tu: sini, alifu, lamu, mimu. Wewe unaweza kulisoma Salim, Salem au Salum, na zote tatu ni halali, maana Zanzibar wengi wenye jina hilo huitwa Salum na Omani hawaitwi hivyo. Zaidi ya hapo, ukiandika Salim kwa herufi za Kilatini umeliweka pamoja na jina jingine la Kiarabu, lile lenye irabu ndefu katika silabi ya mwisho, ambalo nalo huandikwa Salim. Msomaji wa tafsiri yako hawezi tena kujua ni lipi kati ya mawili. Muhammad, Mohamed, Mohammed na Mohamedi yamezaliwa kwa njia hiyohiyo kutokana na herufi nne: m, h, m, d.

Kwa upande wetu pia hatuandiki sawa. Visiwani ni Khamis, Khadija, Khalfan na Ramadhan. Bara ni Hamisi, Hadija, Halfani na Ramadhani, kh ikilegea kuwa h na irabu ikiongezwa mwishoni kama Kiswahili kipendavyo. Othman wa Unguja ni Athumani wa Tabora. Mfasiri wa bara anayepokea cheti cha Mzanzibari akaandika jina kwa mazoea ya kwao, hakutafsiri vibaya kwa kipimo cha lugha, lakini amempa mteja karatasi itakayokataliwa dirishani.

Dawa ya haya yote inajulikana na wafasiri wa hati, ingawa wengi huiruka kwa haraka: kabla ya kuanza, omba pasipoti ya kila mtu aliyetajwa katika hati, au kitambulisho chake cha taifa, au cheti chochote cha awali chenye herufi za Kilatini. Pasipoti ina nguvu kwa sababu ya mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile inayosomwa na mashine. Inafuata utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika hati yake namba 9303. Kila mstari una nafasi 44, na haupokei kitu kingine ila herufi A hadi Z, tarakimu, na alama ya kujazia. Mstari wa juu wa baba yetu wa mfano ungekuwa hivi:

```
P<TZAVUAI<<CHANDE<PANDU<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

TZA ni Tanzania, kisha jina la mwisho, alama mbili za kutenganisha, kisha majina mengine. Mabenki, mashirika ya ndege na ofisi za uhamiaji zinamfahamu mtu huyu kwa mfuatano huo wa herufi. Kwa hiyo katika tafsiri jina lake ni Chande Pandu Vuai, herufi zilezile, hata kama Kiarabu kinasomeka vingine. Angalia pia kwamba mstari ule hauna nafasi ya kibaini. Mkenya anayeitwa Ng'ang'a anasomeka NGANGA kwenye mstari wa mashine. Katika tafsiri mimi hufuata sehemu ya juu ya ukurasa, ile inayosomwa kwa macho. Kama juu kuna kibaini nakiweka, kama hakuna sikiongezi, hata nikijua kwamba lugha ya mwenye jina inakihitaji.

Lakini kufuata pasipoti peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu kadhaa. Ukiandika Chande Pandu Vuai ukanyamaza, umeficha kitu ambacho mahakama ina haki ya kukijua: kwamba hati ya asili haisemi hivyo kwa herufi zake. Upande wa pili wa kesi ukileta mtu anayesoma Kiarabu, atasema mfasiri amebadili jina la baba, na atakuwa na hoja. Kwa hiyo chini ya ukurasa, au ndani ya mabano ya mraba palepale, weka maelezo ya mfasiri. Yawe mafupi na yataje vitu viwili: jina linavyosomeka katika Kiarabu, na hati iliyotumika kuamua tahajia. Kwa mfano: "[Maelezo ya mfasiri: katika hati ya asili jina la baba linasomeka Shandi Bandu Fuwai. Tahajia iliyotumika hapa imefuata pasipoti ya Tanzania iliyowasilishwa na mteja.]" Maelezo hayo huandikwa jina linapotajwa mara ya kwanza, na namba ya pasipoti huongezwa kama ofisi inayopokea inaihitaji. Kadhi anapata anachokihitaji ili aone kwamba ni mtu mmoja, na uamuzi unabaki kuwa wake.

Kuna jambo ambalo maelezo hayo hayawezi kulifanya. Mfasiri hathibitishi kwamba Shandi na Chande ni mtu mmoja. Anaeleza tu kwamba herufi zinaruhusu. Kama hati ya asili ina kosa la kweli, kwa mfano karani aliruka jina la babu au aliandika Rashid badala ya Khalfan, tafsiri inabeba kosa hilo kama lilivyo, na mteja anatumwa kula kiapo kwa wakili kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, au kurudi kwa waliotoa cheti. Wateja hukasirika. Wanaona mfasiri ana kalamu mkononi na angeweza kumaliza shida yao kwa dakika moja. Nawaelewa, lakini muhuri wa mfasiri unasema jambo moja tu, kwamba kilichoko kule ndicho kilichoko hapa, na siku utakapotumika kunyoosha mambo ndiyo siku muhuri huo utakapoacha kuaminiwa kwa hati zote zilizotangulia.

Na kama hakuna pasipoti? Hutokea, hasa kwa marehemu wa zamani. Hapo unanukuu herufi kwa herufi kwa kufuata jedwali moja la unukuzi tangu mwanzo wa hati mpaka mwisho, na unaandika kwamba umefanya hivyo. Majedwali yapo, la Shirika la Kimataifa la Viwango kwa Kiarabu likiitwa ISO 233. Tatizo la majedwali hayo ni kwamba yametengenezwa ili herufi iweze kurudishwa ilikotoka, na mtu anayeitwa kwa jina hilo hajahesabiwa humo.

Ulaya walilipia somo hili mahakamani. Christos Konstantinidis alikuwa Mgiriki aliyejiajiri kama mkandaji mjini Altensteig, Ujerumani. Alipooa, jina lake lilisajiliwa likiwa na herufi zilizokosewa kidogo, naye akaomba lisahihishwe liwe Konstantinidis kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Ujerumani ilikuwa imefungwa na mkataba wa Bern wa mwaka 1973 kuhusu majina katika daftari za kiraia. Mkataba huo unasema jina lililoko kwa herufi za Kilatini linakiliwa bila kubadilishwa wala kutafsiriwa, na lililoko kwa herufi nyingine linanukuliwa kwa viwango vya ISO pale vilipo. Wakachukua cheti chake cha kuzaliwa cha Kigiriki, wakakipitisha kwenye jedwali, na jedwali likatoa Hréstos Kónstantinidés.

Kila herufi ilikuwa sahihi kwa jedwali. Mtu mwenyewe hakuwepo tena. Hakuna Mgiriki anayetamka hivyo, na wateja wake waliomjua kwa jina la Christos wangetafuta mtu mwingine. Mwaka 1993 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliamua kwamba hawezi kulazimishwa kutumia, katika kazi yake, tahajia inayopotosha matamshi ya jina lake kiasi cha kuwafanya wateja wamchanganye na mtu mwingine. Nalipenda hukumu hiyo kwa sababu inaweka kipimo palepale ninapopaona mimi, yaani kama watu wataweza kumtambua mtu huyu kuwa ndiye. Usafi wa jedwali unakuja baada ya hapo.

Kabla ya kuacha majina ya watu niseme kidogo kuhusu vijineno vinavyoyazunguka. "Bin" na "bint" katika hati za Omani hutenganisha jina na jina la baba. Kama pasipoti imeviandika, ni sehemu ya jina na havigeuzwi kuwa "mwana wa" na "binti wa". Ukoo kama Al Harthy hautafsiriwi kuwa "wa kabila la Wahirthi". Na vyeti vya ubatizo vina mtego wake: parokia imeandika Yohana, shule imeandika John, na mteja anataka tafsiri ya Kiingereza iseme John ili mambo yalingane. Andika Yohana. Ukiitafsiri Yohana kuwa John kwa sababu ni jina lilelile la Biblia, basi kwa mantiki hiyohiyo Isa wa cheti cha ndoa awe Yesu, na hakuna mfasiri atakayethubutu.

Majina ya bidhaa hufuata swali lilelile, ila kinacholinganishwa kimebadilika. Mtu hashiki tena pasipoti, anashika boksi, kopo au simu. Mfano mzito kuliko yote ni dawa.

Boksi la dawa lina jina la biashara, ambalo ni mali ya kampuni, na jina la dawa yenyewe, ambalo si mali ya mtu. Hilo la pili hutolewa na Shirika la Afya Duniani chini ya mpango ulioanza mwaka 1950, ili dawa moja ijulikane kwa jina moja popote duniani hata kama inauzwa kwa majina kumi ya biashara. Dawa ya mseto ya malaria tunayoijua Tanzania kwa kifupi cha ALu ni artemether pamoja na lumefantrine, na mojawapo ya majina yake ya biashara ni Coartem. Sasa unatafsiri karatasi ya maelezo. Kwenye Kiingereza yamo majina yote mawili. Utafanyaje?

Jina la biashara liache, herufi kwa herufi, kwa sababu mama aliyeshika boksi atalilinganisha na boksi. Hilo ni rahisi. Jina la dawa yenyewe ndilo linalotugawa. Wako wanaotohoa kila kitu: atemetha, lumefantrini, amoksilini. Wana hoja ya maana, kwamba lugha yetu ina haki ya kuwa na majina ya kisayansi yanayotamkika. Lakini mgonjwa anayesoma karatasi yako atakwenda duka la dawa, na pale atapewa boksi la kampuni nyingine lenye jina la biashara asilolijua. Njia yake pekee ya kuhakikisha kwamba ni dawa ileile ni yale maandishi madogo: Artemether/Lumefantrine 20 mg/120 mg. Akiwa na karatasi inayosema atemetha na lumefantrini, unamtaka aoanishe kwa sauti kitu alichokiona kwa macho. Kwa hiyo mahali jina linapotajwa mara ya kwanza, kwenye jedwali la dozi na kwenye maonyo, naandika kama lilivyo kwenye boksi.

Kuna sababu ya pili, ambayo wafasiri wengi hawaijui lakini wafamasia wanaiishi. Majina hayo yana viungo vyenye maana. Dawa za jamii ya penisilini huishia na -cillin: ampicillin, amoxicillin, cloxacillin. Mtu anayedhurika na penisilini huambiwa ajihadhari na zote zenye mkia huo. Ukitohoa kwa utaratibu mmoja mkia unabaki, ampisilini, amoksisilini, kloksasilini, na mtu anaweza kuufuata. Lakini hatutohoi kwa utaratibu mmoja. Huyu anaandika amoksilini, yule amoxilin, mwingine amoksasilini, na mkia unapinda kwa kila mwandishi. Siku tutakapokuwa na orodha moja inayofuatwa na hospitali, vyuo na mamlaka za dawa, nitakuwa wa kwanza kuandika kwa tahajia yetu kila mahali. Mpaka hapo boksi ndilo lenye usemi.

Kwenye maandishi ya redioni au mazungumzo ya mhudumu wa afya na mgonjwa mambo yanageuka. Pale hakuna boksi linalosomwa, kuna sikio. Parasetamoli ni sahihi na ni nzuri. Tahadhari yangu ni moja: usiweke "panadoli" mahali pa paracetamol eti kwa kuwa ndilo neno la watu. Kwa watu wengi panadoli imekuwa kidonge chochote cha kutuliza maumivu, na hilo linaingiza ndani yake hata dawa ambazo mwenye vidonda vya tumbo hatakiwi kuzigusa.

Ugumu halisi unatokea dawa inapovuka bahari. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili wamehamia Marekani, na hospitali za huko hutafsiri maelekezo kwa ajili yao. Paracetamol kwa Mmarekani inaitwa acetaminophen, na boksi linaloonekana zaidi dukani ni Tylenol. Mfasiri aliyezoea huku ataandika parasetamoli, akidhani amerahisisha. Mama atakwenda kabatini kwake asilione neno hilo kwenye chupa yoyote. Mfasiri mwingine ataandika acetaminophen peke yake, na mama huyo hatajua kwamba ni dawa ileile aliyoizoea tangu Bukavu, ambayo pengine bado anayo kwenye mkoba, imeandikwa paracétamol. Atatoa zote mbili, ya homa na ya maumivu, akiamini ni dawa tofauti. Kikomo kinachotajwa kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ukikizidisha ini ndilo linaloumia. Dawa nyingi za mafua nazo zina kiasi chake ndani. Hapo naandika yote mawili na kusema wazi: "acetaminophen (hii ndiyo paracetamol, usinywe zote mbili kwa pamoja)". Matini chanzi haina maneno hayo. Nayaongeza kwa idhini ya aliyeniagiza kazi, na akikataa namwandikia sababu zangu, maana jina lisiloeleweka kwenye karatasi ya dawa ni dozi isiyojulikana.

Kwenye simu na kompyuta kazi ni nyepesi zaidi, lakini ina mpaka mmoja unaovukwa mara kwa mara: kati ya jina la bidhaa na jina la kitendo ndani ya bidhaa. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ni jina, na halibadiliki katika lugha yoyote ingawa nusu yake ni neno letu la kawaida. `Lipa na M-Pesa` nayo ni jina la huduma, japo kwa sura ni sentensi kamili ya Kiswahili. Anayefasiri kwenda Kiingereza akaigeuza kwa maana yake amemnyima msomaji maneno anayopaswa kuyatafuta kwenye ukuta wa duka. Lakini kutuma pesa, kutoa pesa na kuangalia salio ni vitendo. Hivyo hutafsiriwa, na hutafsiriwa kama vilivyo kwenye menyu ambayo msomaji ataifungua. Kama programu haina menyu ya Kiswahili, andika neno la kwenye kioo kama lilivyo, kisha eleza maana yake pembeni. Ukitafsiri jina la kitufe ambacho kiko kwa Kiingereza tu, umemwagiza mtu atafute kitu ambacho hakipo.

Sarufi nayo inataka haki yake. Jina la bidhaa likiachwa kama lilivyo bado linaingia kwenye sentensi ya Kiswahili na kudai upatanisho, na kwa kawaida huchukua ngeli ya kitu kinachotajwa au ile ya I/ZI: Coartem inamezwa pamoja na chakula, M-Pesa yangu imefungwa. Kinachovunja jina ni kulibandika viambishi. Usiandike "M-Pesani" wala "maCoartem". Andika "kwenye M-Pesa" na "vidonge vya Coartem", na herufi za jina zitabaki salama pande zote mbili.

Kila mteja wa kudumu namtengenezea orodha yake ya majina kabla sijatafsiri sentensi ya kwanza. Safu ya kwanza ni jina lilivyo kwenye hati ya asili, ya pili ni litakavyoandikwa, na ya tatu, ambayo wengi huiacha, ni ushahidi: pasipoti, boksi, menyu, au barua ya mteja. Majina ambayo safu ya tatu iko tupu ndiyo ninayompigia simu kuyauliza, na kazi haianzi mpaka ijazwe au mteja akubali kwa maandishi kwamba tutanukuu kwa jedwali.